Nani Ameshika Waya Huu?

Kwenye chipu ya STM32F103 kila pini imetengewa biti nne. Mbili zinaitwa MODE, mbili zinaitwa CNF, na kwa hizo nne ndipo unapoamua kama pini itatoa umeme, itaupokea, itasikiliza tu au itakaa kando kabisa. Wengi wetu huzijaza biti hizo kwa kunakili mstari kutoka mradi uliopita, taa ikiwaka tunaendelea na mengine. Fundi ninayetaka kumweleza hapa hana haraka hiyo. Kabla hajaandika programu huchukua karatasi, akaorodhesha nyaya zote za bodi, na kila waya akauandikia mambo matatu: nani anaupandisha, nani anaushusha, na ni wakati gani hakuna anayeushika. Safu mbili za kwanza huzijaza upesi. Ya tatu ndiyo inayomkalisha.

Nimekaa naye akitengeneza kidhibiti cha tangi la maji, na kupitia karatasi ile nilianza kuziona pini kwa jicho jingine. Bodi yenyewe ni ya kawaida sana. Ina taa moja ya kuonyesha kwamba programu inaendelea, boya lenye suichi ndani ya tangi, sensa ya joto na unyevu, na pampu inayowashwa kupitia transista kubwa. Kila kitu kinatumia volti 3.3 isipokuwa pampu. Katika kazi hiyo ndogo, kila namna ya kutumia pini inapata mahali pake, na kila moja ina sababu ya kutowekwa mahali pa mwenzake.

Nyuma ya kila pini ya kutoa kuna transista mbili. Ya juu inaunganisha pini na volti 3.3, ya chini inaiunganisha na gandi. Zikifanya kazi kwa zamu, moja ikifunguka mwenzake akifunga, hiyo ndiyo pushi-puli. Waya hapo una mshikaji mmoja tu, naye hauachii hata kidogo: ama yuko juu ama yuko chini. Taa na pampu ziko kwenye kundi hili, kwa sababu hakuna mwingine kwenye bodi mwenye haki ya kuzungumza kwenye nyaya hizo. Katika karatasi ya fundi mistari hii miwili ilikamilika upesi.

Hata hivyo kwenye taa alisimama kidogo. Bodi ndogo za buluu zinazouzwa na chipu hii huwa zimefunga taa kwenye PC13, na PC13 si pini kama nyingine. Yeye na wenzake wawili, PC14 na PC15, hupata umeme wao kupitia suichi ya ndani ya chipu inayopitisha kiasi kidogo tu, hivyo mtengenezaji anaruhusu miliamperi 3 na kasi isiyozidi megahezi 2. Pini za kawaida za chipu hiyohiyo hubeba miliamperi 8 bila shida. Ndiyo maana taa ile imefungwa kinyumenyume, mguu mmoja kwenye volti 3.3 na mwingine kwenye pini, na huwaka pini inaposhuka. Fundi akachagua pushi-puli ya kasi ya chini kabisa kati ya tatu zilizopo. Kasi hiyo si ya programu. Ni ukali wa kona ya umeme unapopanda na kushuka, na taa ya kumulikia macho ya binadamu haina haja ya kona kali inayotia kelele kwenye nyaya za jirani. Nilipenda kwamba aliliwazia jambo hilo hata kwa taa.

Sasa tuje kwenye waya usioshikwa na mtu. Chipu ikiwashwa, kabla programu haijagusa chochote, karibu pini zake zote huwa za kupokea na zinaelea. Transista zote mbili za kutoa zimefungwa, na kilichobaki ni lango la kusikiliza. Lango hilo limetengwa na tabaka jembamba la oksidi, halinywi umeme karibu hata kidogo. Waraka wa mtengenezaji unaahidi kwamba uvujaji hautazidi mikroamperi 1, na mara nyingi huwa chini mno ya hapo. Pini nzima ina uwezo wa kushika chaji wa kama pikofaradi 5. Chombo kidogo kiasi hicho kinajazwa na chochote kinachopita karibu: waya wa umeme wa nyumbani ukutani, simu, kidole chako. Ukiisoma pini inayoelea kwa programu utapata sifuri na moja zinazobadilika bila mpango, na ukisogeza mkono utaona zinafuata mapigo ya hezi 50 ya umeme wa ukutani.

Lakini kuelea si kosa. Ni chaguo sahihi kabisa pale ambapo mtu mwingine ameushika waya muda wote. Sensa yenye pushi-puli yake yenyewe ikiunganishwa na pini yako, unachotaka wewe ni kusikiliza bila kumwekea uzito. Ukiongeza kitu cha kuvuta upande wako unamlazimisha apigane nawe bure, hata kama ni kwa nguvu ndogo. Swali ni kama kweli ameushika muda wote. Kebo ikichomolewa je? Sensa ikizimwa ili kuokoa betri je? Hapo ndipo safu ya tatu ya karatasi inapodai jibu.

Ubaya wa waya unaoelea ni kwamba hujificha unapoutafuta. Mita ya kawaida ya kidijitali ina upinzani wa kama megaomu 10 kati ya ncha zake. Ukiweka ncha moja kwenye gandi na nyingine kwenye pini inayoelea, mita yenyewe inaushika waya na kuushusha. Unasoma volti sifuri safi, kifaa kinatulia, unaamini kila kitu kiko sawa. Ukitoa mita, wazimu unarudi. Osiloskopu yenye probu ya mara kumi hufanya vilevile. Wapo waliosema kifaa chao hupona kikipimwa, na walikuwa wakisema kweli.

Kwa hiyo fundi huyu ana rezista ya kiloomu 100 aliyoitia mguu mrefu, na anaitumia kama chombo cha kupimia. Anaigusisha pini kwenye volti 3.3 kupitia rezista hiyo, akasoma. Kisha kwenye gandi, akasoma tena. Waya ukimfuata kote kuwili, hakuna anayeushika. Ukikataa kumfuata upande mmoja, kuna mtu. Kiloomu 100 hakuichagua kwa kubahatisha. Rezista ya ndani ya chipu ya kuvuta juu ni kama kiloomu 40. Ukivuta waya wake chini kwa kiloomu 100, unabaki kwenye volti 2.4 hivi, yaani bado uko juu, na unajua kuna anayeushika. Angetumia kiloomu 10 waya ungeshuka hadi volti 0.66, chipu ingeusoma sifuri, na yeye angedhani unaelea kumbe kuna rezista inayofanya kazi yake kwa unyenyekevu.

Rezista hiyo ya ndani, mafundi huiita pulapu, ndiyo inayotumika kwenye boya la tangi. Suichi ya boya ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana maji yakijaa. Inaweza kushusha waya hadi gandi, lakini haiwezi kuupandisha. Ikifunguka inauacha tu. Karatasi ya fundi ikasema: anayeshusha ni suichi, anayepandisha hayupo. Pulapu ya ndani inajaza nafasi hiyo bila kuongeza kifaa kwenye bodi. Kwenye chipu hii unaichagua kwa njia inayowashangaza wageni: biti nne zinaandika 1000, zikimaanisha kupokea kwa kuvutwa, kisha rejista ileile ya kutolea, ODR, ndiyo inayoamua mvuto uwe wa juu au wa chini.

Mwenye suichi ya kubonyeza mlangoni angeishia hapo. Suichi ya kubonyeza hufungwa kwa nusu sekunde, na katika nusu sekunde hiyo mikroamperi 82 zinapita kwenye pulapu, 3.3 gawanya kwa kiloomu 40. Hakuna wa kuzihesabu. Boya si suichi ya kubonyeza. Tangi likijaa suichi hubaki imefungwa, na kwa nyumba yenye maji ya kutosha hiyo ni karibu muda wote. Mikroamperi 82 kwa saa 24 ni kama miliamperi-saa 2 kila siku, zaidi ya 700 kwa mwaka. Betri ya miliamperi-saa 2000 ingetoa zaidi ya theluthi ya uhai wake kwa kazi ya kushika waya mmoja tu, wakati chipu iliyolala inatumia mikroamperi makumi machache.

Kuna njia mbili za kutoka hapo, na nilimwona akizipima zote. Ya kwanza ni kuiacha pulapu ya ndani na kuweka rezista ya nje ya megaomu 1. Mkondo unashuka hadi mikroamperi 3.3. Lakini uvujaji ule wa mikroamperi 1 sasa una maana: ukipita kwenye megaomu 1 unakula volti nzima, na waya uliokusudiwa kuwa na volti 3.3 unabaki na 2.3. Chipu hii inahitaji kama volti 1.8 ili ikubali kwamba waya uko juu, kwa hiyo bado inapona, ila nafasi ya usalama imebaki kama theluthi moja tu, na kebo ya mita kumi inayoshuka tangini ikivutwa na megaomu 1 tu ni sawa na antena.

Ya pili ndiyo aliyoichukua. Chipu inaamka mara moja kwa sekunde kwa kazi zake nyingine. Inapoamka inawasha pulapu, inasubiri, inasoma, kisha inaizima. Kusubiri si kwa kukadiria. Kebo ya mita kumi ina uwezo wa kushika chaji wa kama nanofaradi 1. Kiloomu 40 kuijaza kunachukua mikrosekunde 40 kwa kipimo kimoja cha muda, na vipimo vitano, yaani mikrosekunde 200, vinaufikisha waya juu kabisa. Mikroamperi 82 kwa mikrosekunde 200 katika kila sekunde ni wastani ambao betri haiuhisi. Baada ya kusoma, pini hairudishwi kwenye kuelea. Inawekwa kwenye hali ya analogi, biti nne zote sifuri, kwa sababu katika hali hiyo lango la kusikiliza linafungwa. Lango lililo wazi likipata volti ya katikati, transista zake mbili hufunguka kidogo kwa pamoja na umeme unapita ndani yake moja kwa moja hadi gandi. Pini zote zisizotumika kwenye bodi alizipa hali hiyohiyo. Gharama ya njia hii ni kwamba suichi haiwezi tena kuiamsha chipu yenyewe. Maji yakifika juu, chipu itajua hadi sekunde moja baadaye. Kwa tangi hilo si kitu. Kwa kitufe cha dharura cha mashine ya kukatia chuma ingekuwa haifai kabisa, na huko angelipa mikroamperi zake bila kusita.

Sensa ya joto ndiyo niliyofurahia zaidi, kwa sababu waya wake una wenyewe wengi. Inazungumza kwa I2C, mpango uliobuniwa na Philips mwaka 1982 ili chipu nyingi ziongee kwa nyaya mbili tu: SCL wa saa na SDA wa data. Kwenye SDA chipu kuu inatuma biti nane, kisha kwenye pigo la tisa la saa inanyamaza na kumwachia sensa ashushe waya kama ishara ya kwamba amesikia. Waya uleule, washikaji wawili, katika muda wa mikrosekunde. Kwenye SCL pia, sensa iliyochelewa ina ruhusa ya kuushikilia chini na kuisubirisha chipu kuu. Hakuna mpangilio wa pushi-puli unaoweza kubeba makubaliano hayo, kwa sababu pushi-puli haijui kuachia.

Openi-dreni ni pini ileile iliyonyang'anywa transista ya juu. Ikiandika sifuri inashusha waya hadi gandi; ikiandika moja inauachia tu, na rezista ya nje ndiyo inayoupandisha. Ni kama mlango wenye springi: yeyote anaweza kuusukuma, wawili wanaweza kuusukuma kwa pamoja bila kugombana, na wote wakiondoka unajirudi wenyewe. Moja kwenye openi-dreni haimaanishi kwamba waya uko juu. Inamaanisha mimi sijaushika. Anayetaka kujua kama kweli umepanda lazima auangalie, na ndiyo maana mpokezi wa pini hubaki wazi hata pini inapokuwa ya kutoa. Chipu kuu inaachia SCL, inausoma, na kama bado uko chini inajua sensa inaomba muda.

Kwenye STM32F103, SCL na SDA za I2C ya kwanza ni PB6 na PB7, na mstari wa fundi ulikuwa huu:

```c
GPIOB->CRL = (GPIOB->CRL & 0x00FFFFFF) | 0xEE000000;
```

E ni 1110: CNF ni 11, yaani openi-dreni inayoendeshwa na kifaa cha I2C cha ndani, na MODE ni 10, kasi ya chini. Mtu akibadilisha E zile mbili kuwa A, anapata pushi-puli. Programu itaandikika bila lalamiko lolote, na wakati mwingine sensa hata itajibu.

Alinionyesha kinachotokea kwenye bodi ya majaribio, SDA ikiwa ya pushi-puli iliyoandikwa kwa mkono. Kwenye osiloskopu biti nane zinapita nadhifu, juu volti 3.3, chini sifuri. Kwenye pigo la tisa waya haupo juu wala chini: umesimama katikati, kwenye volti moja na nusu na kidogo, tambarare. Huo ni ugomvi, na hesabu yake inasomeka kwenye waraka. Transista ya pini inahakikishiwa kutopoteza zaidi ya volti 0.4 ikibeba miliamperi 8, ambayo ni omu 50 au pungufu. Weka omu 50 ya juu ikivuta dhidi ya omu 50 ya chini kwenye volti 3.3 na unapata miliamperi 33, wakati kikomo ambacho pini haipaswi kukipita kamwe ni 25. Ugomvi unadumu mikrosekunde chache kila baiti, kwa hiyo hakuna kinachoungua siku hiyo. Ukiona ngazi ya katikati kwenye pigo la tisa, huna haja ya kutafuta hitilafu kwenye sensa. Nenda kwenye biti za CNF.

Iliyobaki ni kuchagua rezista, na hapa ndipo alipotumia muda zaidi kuliko mahali pengine popote. Waya hushuka kwa nguvu ya transista lakini hupanda kwa nguvu ya rezista pekee, ikijaza uwezo wa chaji wa waya, wa pini zote na wa kebo. Mchoro wake si ukuta bali mkunjo, unaopanda haraka mwanzoni na kuchoka juu. Kanuni za I2C zinaruhusu muda wa kupanda, kutoka asilimia 30 hadi 70 ya volti, usiozidi nanosekunde 1000 kwa kasi ya kilohezi 100, na 300 kwa kilohezi 400. Muda huo ni 0.85 hivi mara rezista mara uwezo wa chaji. Waya wa pikofaradi 100 wenye kiloomu 4.7 unapanda kwa nanosekunde 400, salama kwa kilohezi 100. Kwa kilohezi 400 haufai, kiloomu 2.2 ingeufikisha kwenye 190.

Je, pulapu ya ndani haitoshi? Kwenye STM32F103 swali halipo, kwa kuwa pulapu huzimika pini inapokuwa ya kutoa. Lakini kwenye Arduino Uno maktaba ya Wire huziwasha pulapu za ndani yenyewe, na ndiyo sababu wengi wameunganisha sensa bila rezista yoyote na ikafanya kazi. Chukua kiloomu 40 na nyaya fupi za mezani za pikofaradi 50. Waya unafika asilimia 70 baada ya mikrosekunde 2.4, na nusu ya mzunguko wa saa ya kilohezi 100 ni mikrosekunde 5. Umepitiliza kanuni, ila unapona. Kisha sensa inahamishiwa dirishani kwa kebo ya nusu mita, uwezo wa chaji unafika pikofaradi 120, na sasa unahitaji mikrosekunde 5.8. Nusu ya mzunguko inakwisha kabla waya haujafika. Kwenye osiloskopu unaona mapezi ya papa badala ya miraba, na vichwa vyake havifiki juu. Dalili kwa mtumiaji ni sensa inayopotea na kurudi, na watu hubadilisha sensa.

Upande wa pili nao una mpaka. Kila kifaa cha I2C kinaahidi kushusha waya hadi volti 0.4 kikibeba miliamperi 3, si zaidi. Kwa volti 3.3 hiyo ina maana rezista isipungue omu 967. Hakuna anayechagua rezista ndogo hivyo kwa makusudi, lakini moduli nyingi za sensa zinauzwa zikiwa na rezista zake tayari, na zikiunganishwa kwenye nyaya zilezile rezista hizo zinajumlika sambamba. Moduli tano zenye kiloomu 4.7 kila moja zinakupa omu 940. Mwenye bodi hajaweka rezista hata moja na tayari amevuka mpaka. Fundi huyu, kabla hajaunganisha moduli, huigeuza akatafuta rezista zake mbili kwa lenzi, na akishakuwa na zinazotosha huzing'oa za moduli zinazofuata kwa ncha ya chuma cha kulehemu.

Mwisho kwenye karatasi ulikuwa waya wa pampu, aliokuwa ameupitia kwa haraka mwanzoni na sasa akaurudia. Pushi-puli, mshikaji mmoja, hakuna ubishi. Ila safu ya tatu alikuwa ameiandika: kuanzia umeme unapowaka hadi mstari wa kwanza wa programu. Katika kipindi hicho pushi-puli haipo bado. Pini inaelea, na lango la transista ya pampu linaelea nayo. Lango hilo lina uwezo wa chaji wa kutosha kubaki na chochote lilichokipata, na pampu inaweza kuguna au kuzunguka kidogo kila umeme unaporudi. Hakuna pulapu ya ndani inayoweza kusaidia, kwa sababu nayo huwashwa na programu ambayo haijaanza. Dawa ni rezista ya kiloomu 10 kutoka langoni hadi gandi, juu ya bodi, nje ya chipu. Pampu ikiwaka rezista hiyo inakula mikroamperi 330, na pampu yenyewe inakula amperi.

Programu nayo ina zamu yake. ODR huanza na sifuri, hivyo pini ya pampu ikigeuzwa kuwa ya kutoa inaanza chini, salama. Taa ya PC13 ni kinyume: sifuri ndiyo kuwaka. Pini yoyote inayowasha kitu ikiwa chini lazima iandikiwe moja kwanza, kisha ndipo igeuzwe:

```c
GPIOC->BSRR = 1u << 13;
GPIOC->CRH = (GPIOC->CRH & 0xFF0FFFFF) | 0x00200000;
```

Ukibadilisha mpangilio wa mistari hiyo, taa inamulika kwa muda ambao jicho haliuoni, na hakuna hasara. Lakini ingekuwa rilei inayowaka kwa sifuri, ingeweza kugonga.

Bodi ilipokamilika aliiwasha huku amebonyeza kitufe cha rizeti, kidole hakitoki. Chipu ikiwa imeshikwa hivyo haitekelezi chochote na karibu pini zote zinaelea. Akapita waya mmoja baada ya mwingine na rezista yake ya kiloomu 100, juu kisha chini. SCL na SDA zilikataa kushuka. Lango la pampu lilikataa kupanda. Taa ilikuwa na rezista yake hadi volti 3.3. Waya wa boya tu ndio uliomfuata kote kuwili, kama karatasi ilivyosema, tangi likiwa tupu.